AutoRecover ya Excel: nakala ya dharura stima ikizima

Karani wa duka moja la leso pale Biashara Street alinipigia simu mwezi mmoja kabla ya Idd. "Kaka, stima imezima na hesabu yote imekwenda. Sikuwa nimeseivu hata mara moja."

Alikuwa akiingiza hesabu ya mali iliyomo dukani kwenye Excel: aina ya leso, rangi, idadi ya doti, bei ya kununulia. Alianza saa nane na dakika 5 mchana kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba. Saa nane na dakika 52 stima ikazima. Dakika 47 za kazi, na juu ya skrini faili ilikuwa bado inaitwa `Book1`, jina ambalo Excel hulipa kila faili mpya ambayo mwenyewe hajaihifadhi.

Nilimwomba jambo moja tu: stima ikirudi asifungue chochote mpaka nifike. Kazi ya namna hiyo mara nyingi haijapotea yote. Inapotelea mikononi mwetu baadaye, pale tunapobonyeza kitu kwa haraka.

Kuelewa kwa nini ilikuwepo, na kwa nini haikuwepo yote, ndiko kuelewa AutoRecover. Unapoandika kwenye Excel, maandishi yako hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ile inayohitaji umeme kila sekunde. Umeme ukikatika, kumbukumbu hiyo inakuwa tupu papo hapo. Kuhifadhi ni kuyaandika maandishi hayo kwenye diski, mahali ambapo umeme ukikatika hayaguswi. AutoRecover ni Excel kuandika kwenye diski nakala yake yenyewe ya kazi yako, pembeni, kila baada ya muda fulani, bila kukuuliza. Muda huo usipobadilishwa ni dakika 10.

Nakala hiyo haichukui nafasi ya kuhifadhi. Faili yako yenyewe haiguswi, nakala inawekwa kwenye folda iliyofichwa, na Excel inaifuta yenyewe pindi unapohifadhi au kufunga faili kwa utaratibu wa kawaida. Imewekwa kwa ajili ya siku ambayo Excel haikufungwa kwa utaratibu, na stima kuzima ni mfano kamili wa siku hiyo: Excel haikupata nafasi ya kufuta, kwa hiyo nakala ikabaki pale ilipo.

Nilipofika, stima ilikuwa imerudi. Tuliwasha kompyuta, tukafungua Excel peke yake, bila kubofya faili yoyote. Upande wa kushoto ikatokea sehemu yenye kichwa `Document Recovery`, na ndani yake `Book1` na saa yake: 2:44 PM, yaani saa nane na dakika 44. Karani alishusha pumzi. Tukaifungua, na kabla ya kusoma hata mstari mmoja tukaihifadhi kwa jina jipya kwenye folda ya Documents. Ndipo tukalinganisha na karatasi zake za kuhesabia. Mstari wa mwisho uliokuwemo ulikuwa wa 86. Karatasi zilionyesha alikwisha kufika wa 102. Mistari 16 tu, kazi ya dakika 8, ndiyo iliyopotea, nayo aliiandika upya kutoka kwenye karatasi kabla ya alasiri.

Sehemu hiyo ya kushoto ina mtego ambao nimeona watu wengi wakinaswa nao. Ukijaribu kuifunga kabla hujafungua yaliyomo, Excel huuliza kama unataka kuyaona faili hizo siku nyingine. Jibu la kwanza ni `Yes, I want to view these files later`. La pili ni `No, remove these files. I have saved the files I need.` Ukichagua la pili, nakala hufutwa. Mtu aliyechoka na kuudhika, anayetaka tu skrini iwe safi aanze upya, huchagua hilo la pili, na hapo ndipo kazi inapopotea kweli.

Ikiwa ulichokuwa ukiandika ni faili iliyokwisha kuwa na jina, utaona mistari miwili: mmoja umeandikwa `Original`, ile uliyoihifadhi mwenyewe mara ya mwisho, na mwingine `AutoRecovered`. Kwa kawaida unayoitaka ni hiyo ya pili, lakini usiihifadhi juu ya ya zamani. Ipe jina jingine, fungua zote mbili, shuka mpaka mstari wa mwisho wa kila moja, kisha uamue.

Je, sehemu hiyo isipotokea? Hapa watu wengi huchanganya folda mbili tofauti. Wameelekezwa waende `File`, kisha `Info`, kisha `Manage Workbook`, kisha `Recover Unsaved Workbooks`. Wanakwenda, wanakuta patupu, wanakata tamaa. Njia hiyo hufungua folda hii:

```
%LocalAppData%\Microsoft\Office\UnsavedFiles
```

Hiyo ni folda ya kazi uliyoifunga wewe mwenyewe na Excel ilipouliza kama unataka kuhifadhi ukajibu hapana. Excel hukuwekea nakala yake ya mwisho humo kwa siku 4, iwapo AutoRecover ilikuwa imekwisha kuiandika. Lakini stima haikujibu swali lolote. Kwa hiyo nakala ya siku ya stima hutafutwa kwanza kwenye folda ya pili, ile ambamo Excel huandika wakati kazi inaendelea:

```
%AppData%\Microsoft\Excel
```

Shika kitufe cha Windows pamoja na herufi R, bandika mstari huo kwenye kisanduku kinachotokea, bonyeza Enter. Kupitia njia hiyo huhitaji kuhangaika na folda zilizofichwa, wala kujua jina la mtumiaji wa kompyuta. Ndani utakuta folda ndogo zenye jina la faili yako likifuatwa na msururu wa tarakimu, mfano `Book1` na namba ndefu. Fungua hiyo, na mara nyingi ndani yake kuna faili inayoishia na `.xlsb` ambayo katikati ya jina lake pana neno `Autosaved`. Tazama saa iliyobadilishwa mwisho. Ikiwa ni dakika chache kabla ya stima kuzima, umeipata. Folda inayoitwa `XLSTART` iache, hiyo ni ya Excel yenyewe.

Usiifungue hapo hapo ilipo. Inakili kwanza uipeleke Documents, kisha fungua ile uliyonakili, halafu uihifadhi kama `.xlsx` kama faili zako nyingine. Sababu ni kwamba folda ile ni ya Excel, nayo husafisha humo kwa wakati wake, wala si wako.

Kuna pia faili ndogo ambayo huwapa watu matumaini ya bure. Kwenye folda ya kazi zako unaweza kukuta faili yenye jina la kazi yako lakini limetanguliwa na `~$`. Inaonekana kama nakala, ila ndani haina hesabu zako. Excel huiweka tu kama alama kwamba faili fulani imefunguliwa na nani. Ukubwa wake hauzidi baiti mia na kitu. Ukiona ukubwa huo, endelea kutafuta kwingine.

Ikiwa folda zote mbili ni tupu, angalia kwanza kama aliyekuwekea kompyuta alibadilisha mahali pa kuhifadhi. Ndani ya Excel nenda `File`, `Options`, kisha `Save`. Mbele ya `AutoRecover file location` pameandikwa njia kamili ya folda inayotumika kwenye kompyuta hiyo.

Na hapo hapo kwenye `Save` ndipo pa kufupisha muda. Utaona mstari `Save AutoRecover information every`, kisha namba, kisha `minutes`. Hakikisha kisanduku cha mbele yake kina tiki. Namba inaweza kuwa kuanzia 1 hadi 120. Kwa karani wa leso niliweka 2. Chini yake kuna kisanduku kingine kinachoanza na `Keep the last AutoRecovered version`. Nacho kitie tiki, kwa sababu bila hicho folda ya `UnsavedFiles` haitakusaidia siku utakapofunga kwa bahati mbaya. Bonyeza `OK`. Mpangilio huu ni wa Excel ya mtumiaji huyo kwenye kompyuta hiyo, kwa hiyo dukani kukiwa na mashine tatu, fanya mara tatu.

Kwa nini 2 na si 1? Kwa faili ndogo kama ile ya mistari mia, hata 1 ni sawa. Kwa faili nzito yenye maelfu ya mistari na fomula nyingi, kila mara nakala inapoandikwa Excel husita kidogo, na kusita kila dakika humchosha anayeandika mpaka akaizima kabisa. Ningependa mtu awe na dakika 5 zinazofanya kazi kuliko 1 iliyozimwa.

Dakika 2 pia hazina maana kwamba hutapoteza zaidi ya dakika 2. Saa ya AutoRecover huanza kuhesabu unapobadilisha kitu, na muda ukifika Excel husubiri utulie kidogo kabla ya kuandika. Ukiwa bado uko ndani ya kisanduku ukiandika, hujabonyeza Enter, haiandiki. Anayeingiza hesabu mfululizo bila kuinua mkono huisukuma nakala mbele. Ndiyo maana nilimwambia karani kila akimaliza rafu moja ya leso abonyeze Ctrl na S, na jambo la kwanza kabisa asubuhi, kabla ya mstari wa kwanza, aipe faili jina. Ukurasa wenye jina na uliohifadhiwa hautegemei bahati ya saa.

Faili iliyoko OneDrive ni habari nyingine. Swichi ya `AutoSave` iliyo juu kushoto ikiwa imewashwa, Excel huhifadhi faili yenyewe kila baada ya muda mfupi. Lakini kwa faili iliyoko kwenye diski ya kompyuta tu, swichi hiyo haihusiki, na AutoRecover ndiyo iliyobaki.

Kabla ya kuondoka tulijaribu, kwa faili ya mazoezi na si ya duka, na bila kuchomoa waya, maana kuzima ghafla kunaweza kuidhuru diski. Karani aliandika mistari mitano, akahakikisha ametoka kwenye kisanduku, akaacha kompyuta dakika tatu huku akikunja leso. Kisha akabonyeza Ctrl, Shift na Esc, akachagua Excel, akabonyeza `End task`. Alipoifungua tena, `Document Recovery` ilikuwepo upande wa kushoto, na mistari yote mitano ilikuwamo.