Mzee wa leja akikutana na Excel

Kazi yangu ni kuwafundisha kompyuta watu waliokaa kazini miaka mingi, wengi wao wamevuka hamsini, na mara nyingi naitwa wakati bosi ameshaanza kusema "huyu sasa hawezi kwenda na wakati, tumtafutie kazi ya getini". Leo nataka nielezee kesi moja tu, ya mtunza stoo, maana ndani yake kuna karibu kila kitu ninachokiona kwa wengine.

Huyu mzee amekuwa akiandika leja kwa mkono miaka yote. Kila bidhaa ina kadi yake, tarehe, zilizoingia, zilizotoka, salio, na ukimuuliza salio la kitu chochote anakutajia kabla hujafungua kabati. Halafu siku moja ofisi ikaleta shiti ya Excel yenye safu zilezile, kijana mmoja akamwonyesha haraka haraka kwa dakika chache, klik hapa klik pale, basi, umeelewa mzee? Akasema nimeelewa, angesema nini tena mbele ya vijana. Kilichofuata ni kwamba akawa anaandika kwenye karatasi, jioni anampa kijana amwingizie, na kijana naye akachoka, maneno yakafika kwa bosi.

Nilipokaa naye sikugusa Excel kwanza. Nilimwambia afungue faili kama anavyofungua siku zote na mimi nikamtazama yeye, sio skrini. Alikuwa anainua kidevu juu kabisa huku macho yanaangalia chini. Hiyo ni dalili ya miwani, jamani. Miwani ya kusomea imetengenezwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40, na skrini iko mbali zaidi ya hapo, na kama ni ile miwani yenye sehemu mbili basi sehemu ya kusomea iko chini, kwa hiyo mtu anapandisha kichwa ili aone, shingo inauma, nusu saa tu kachoka, na watu wanadhani kachoka akili. Tulishusha skrini, tukakuza maandishi (unashika Ctrl unazungusha gurudumu la mausi), na nikamwambia akienda kwa daktari wa macho aseme kabisa kwamba anatumia kompyuta, na apime umbali wa skrini yake kabla ya kwenda, maana daktari anahitaji hiyo namba.

Cha pili, kuklik mara mbili. Kila akifungua faili mkono unasogea kidogo katikati ya klik ya kwanza na ya pili, faili halifunguki, au linahama folda, na hapo ndipo lile neno "limepotea" linapozaliwa. Mtu akishindwa kuklik mara mbili usimkazanie, mwambie aklik mara moja kisha abonyeze Enter. Imeisha hiyo.

Sasa tuje kwenye shiti yenyewe. Safu A ilikuwa tarehe, B zilizoingia, C zilizotoka, D salio. D2 ilikuwa na salio la kuanzia, 140. Kwenye D3 kulikuwa na fomula hii, na imeburutwa mpaka chini:

```
=D2+B3-C3
```

Niliifunika skrini kwa karatasi nikamuuliza, mzee, kwenye leja yako salio unalipataje? Akanijibu bila kufikiri, salio la juu, jumlisha zilizoingia, toa zilizotoka. Nikaondoa karatasi nikamwambia soma basi hiyo fomula. Akasoma kwa kidole, D2, hii ya juu, B3, hii iliyoingia, C3... akanyamaza, akasema "kumbe ni leja yangu". Ndio, ni leja yake, kompyuta inafanya hesabu tu, ujuzi wa stoo bado ni wake. Mafunzo mengi yanaanza na "hii inaitwa ribon, hii inaitwa tabu" na mtu aliyeendesha stoo maisha yake yote anarudishwa chekechea bure.

Akaanza kuingiza. Zimeingia 60, salio likaja 200, akafurahi. Zimetoka 35, lakini akaandika kama anavyoandika kwenye kadi, "35 boksi". Hapo hapo D4 ikawa `#VALUE!`, na D5, D6, mpaka chini kabisa safu nzima ikajaa `#VALUE!`. Mikono ikatoka kwenye kibodi. "Mwanangu, nimeharibu."

Hapa ndipo walimu wengi wanapokosea, wanachukua mausi, wanarekebisha kwa sekunde mbili, wanasema "usijali mzee". Mzee kajifunza nini? Kwamba yeye anaharibu na kijana anatengeneza. Mimi mikono yangu naiweka mgongoni kabisa, sitanii, na nauliza, lile kosa la kwanza kutoka juu liko mstari gani? Akatafuta, mstari wa 4. Kila salio linategemea la juu yake, kwa hiyo ukiharibika mmoja wote wa chini wanaharibika, na wa kulaumiwa ni wa kwanza tu, tena hiyo anaijua, kwenye leja ya mkono pia ukikosea salio moja yote yanayofuata yamekosewa, tofauti ni kwamba karatasi haipigi kelele. Akatazama mstari wa 4, akaona "boksi", akaandika 35 peke yake, Enter. 165. Na safu yote ikajisafisha mpaka chini.

Nikamwambia haribu tena. Akashangaa. Nikasema hii ni kopi, faili la kweli lipo pembeni, haribu unavyotaka. Akaandika neno kwenye namba, akafuta fomula, kila mara anabonyeza Ctrl+Z kinarudi. Woga wa mtu huyu hauishi kwa kuambiwa usiogope, unaisha akishaona kosa kwa macho yake na akalitoa kwa mkono wake. Ila mipaka nayo nilimwambia: ukifunga faili, Ctrl+Z haikumbuki tena kitu.

Kuna kosa moja baya zaidi kwa sababu lenyewe halipigi kelele. Ukijumlisha safu ya zilizotoka kwa SUM, ile "35 boksi" inarukwa kimyakimya na jumla inatoka pungufu bila alama yoyote. Dalili ni kwamba, kama hakuna aliyebadilisha mpangilio, namba inakaa kulia kwenye seli na maneno yanakaa kushoto. Nilimwachia jicho lake, nikamwambia angalia tu nani kakaa upande usio wake. Siku hizi anawakamatia vijana makosa hayo.

Maelezo aliandika mwenyewe, kwenye daftari lake, kwa maneno yake, sio makaratasi yangu. Na nikirudi siku nyingine simwonyeshi tena, naanza kwa kusema nifungulie, niingizie, daftari liwe limefungwa kwanza, akikwama ndio anafungua. Inachelewa kidogo ila inakaa.

Kilichobaki ni upande wa bosi, na hapo mwalimu hana nguvu. Mzee alikuwa anaandika leja na Excel kwa pamoja, kazi mara mbili, na hilo likiendelea bila mwisho mtu anarudi kwenye karatasi tu maana ndiyo ya haraka kwake. Nikamwomba bosi vitu viwili, muda wa mazoezi ndani ya saa za kazi na tarehe ya kuacha leja. Tarehe tukaiweka mwisho wa mwezi baada ya kuhesabu stoo, kwa sharti kwamba salio la leja, la shiti na mali iliyopo rafuni yawe sawa, na yasipokuwa sawa mwezi unaongezwa na tofauti anaitafuta mzee mwenyewe.