Korosho ghafi za Novemba: tofauti ya bei uikokotoe ukinunua au ukitumia?

Kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara hununua malighafi kwa miezi michache tu, minada ya stakabadhi ghalani inapoendelea kuanzia Oktoba, kisha hubangua akiba hiyo kwa muda mrefu. Seremala anayenunua mbao asubuhi na kuzipasua jioni hana haja ya kuuliza tofauti ya bei, yaani kati ya bei aliyopanga na aliyolipa, inakokotolewa siku ya kununua au siku ya kutumia. Kwetu sisi, jibu la swali hilo linabadilisha faida ya mwaka.

Tuchukue kiwanda cha mfano. Kimejiwekea bei ya kiwango ya shilingi 3,000 kwa kilo ya korosho ghafi ikishafika kiwandani, tozo na lori vikiwemo. Hapo kwenye "ikishafika" wengi huteleza: wanaweka kiwango kwa bei ya mnada, halafu wanakilinganisha na ankara yenye usafiri ndani yake, na afisa manunuzi anahojiwa kwa kosa ambalo halipo. Kiwango cha matumizi ni kilo 4 ghafi kwa kila kilo 1 iliyobanguliwa.

Novemba zimenunuliwa kilo 100,000, zikafika kwa shilingi 3,200. Hadi hesabu zinafungwa tarehe 31 Desemba, kilo 42,000 zimetoka stoo na zimepatikana kilo 10,000 zilizobanguliwa. Tuseme hizo zote zimeshauzwa.

Ukikokotoa kwenye ununuzi, unazidisha nyongeza ya shilingi 200 kwa kilo zote 100,000. Tofauti ya bei ni shilingi 20,000,000, nayo ni mbaya. Kilo 58,000 zilizobaki stoo zinakaa vitabuni kwa bei ya kiwango, shilingi 174,000,000.

Ukikokotoa kwenye matumizi, unazidisha shilingi 200 kwa kilo 42,000 pekee. Tofauti ni shilingi 8,400,000, na akiba ileile inabaki kwa bei halisi, shilingi 185,600,000. Faida za njia hizi mbili zinapishana kwa shilingi 11,600,000, ambazo ni zile 200 za kila kilo ambayo bado imo guniani.

Kwa usimamizi, mimi nasimama na njia ya ununuzi. Aliyelipa bei ya juu anaulizwa Novemba, minada ikiwa bado inaendelea na mwelekeo unaweza kubadilishwa. Ukingoja matumizi, sehemu kubwa ya tofauti hiyo itajitokeza mwakani, kwenye taarifa za miezi ambayo hakuna mtu aliyenunua hata gunia moja. Pia leja ya stoo inakuwa nyepesi: unafuata kilo tu, maana kila kilo ina bei moja, na huhitaji kujua gunia linalotoka leo ni la mnada upi.

Lakini hesabu za kufungia mwaka zinahitaji hatua moja zaidi. IAS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa akiba ya mali, inaruhusu gharama ya kiwango pale tu inapokaribia gharama halisi. Kwa hiyo zile shilingi 11,600,000 zirudishwe kwenye thamani ya akiba, mradi korosho hizo bado zitarudisha gharama yake zikibanguliwa na kuuzwa. Bei ikiwa ilikuwa chini ya kiwango, marekebisho yanakwenda upande wa pili. Usipoyafanya, unatangaza faida ya korosho ambazo hazijauzwa.

Tofauti ya matumizi haiguswi na uchaguzi huu, kwa sababu daima inapimwa kwa bei ya kiwango. Kilo 10,000 zilistahili kilo 40,000 ghafi, zimetumika 42,000. Kilo 2,000 mara 3,000 ni shilingi 6,000,000, mbaya.

Kabla ya kumwita msimamizi wa ubanguaji, tazama kilo 42,000 zilihesabiwaje. Mara nyingi ni magunia 525 yaliyozidishwa kwa kilo 80 za siku ya mapokezi, bila kupandishwa tena kwenye mizani. Kama korosho ziliingia na unyevu wa asilimia 10 na zikakaukia ghalani hadi asilimia 8, uzito wake wa kweli wakati wa kutoka ni 42,000 × 0.90 ÷ 0.92, yaani kilo 41,087. Kilo 913 zilikuwa maji. Kama kile kiwango cha kilo 4 kiliwekwa kwa korosho zilizokauka, shilingi 2,739,000 ni upungufu wa ghalani, na msimamizi anabaki na 3,261,000 za kueleza: waliovunja viini, waliochoma kupita kiasi, magunia yenye korosho zisizo na kiini.

Ndiyo maana hati ya kutolea mali inafaa iwe na nafasi mbili zaidi ya idadi ya magunia: uzito wa mizani siku hiyo, na unyevu uliosomwa kwenye kipimo.