Kamba kwanza, kujumlisha baadaye: mzingo wa daftari kwa mtoto wa miaka tisa

Mwambie mtoto wa miaka tisa kwamba mzingo ni jumla ya pande zote za umbo, naye atakuwa ameikariri kabla kengele haijalia. Kesho yake mpe daftari lake, umwambie akuonyeshe mzingo uko wapi. Wengi watapapasa jalada kwa kiganja. Kiganja kinapapasa eneo. Mzingo hufuatwa kwa ncha ya kidole, ukingoni tu, kona hadi kona, mpaka kidole kirudi pale kilipoanzia. Ndiyo maana walimu ninaowafundisha nawaomba rula ikae kwanza kabatini, kazi ianze na kamba.

Tumia kamba nyembamba ya katani, au uzi wa viatu ulio mrefu. Uzi wa kufumia masweta uache nyumbani, kwani unavutika: mtoto anaukaza akizungusha, ukilegea mezani unakuwa mfupi kuliko safari aliyoizunguka. Wafanye kazi wawili wawili. Mmoja anabana ncha ya kamba kwenye kona kwa kidole gumba, mwenzake anaipitisha ukingoni, na kila kona mtu abonyeze, la sivyo kamba itakata kona kama mtu anayepita njia ya mkato. Inaporudi ilipoanzia, watie alama kwa kalamu. Wasifunge fundo, maana fundo linakula kamba.

Sasa kamba inyooshwe mezani na rula itoke. Daftari nililo nalo hapa lina urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 16. Rula ya sentimita 30 haitoshi kwa mara moja, kwa hiyo mtoto anapima 30, anatia alama, anapima 30 nyingine, kisha 12 zilizobaki. Anapata 72. Akipata 73 au 71 usimsumbue, kamba si chombo cha fundi saa. Lakini akikuletea 75, mtazame anavyoiweka rula. Bila shaka anaanzia kwenye 1 badala ya 0. Kila akiiweka hivyo anajiongezea sentimita moja, naye ameiweka mara tatu. Mwingine anaanzia kwenye ncha ya plastiki, ilhali rula nyingi zina nafasi kidogo kabla ya sifuri.

Kamba isitupwe. Ibaki mezani huku mtoto akipima pande moja moja na kuandika: 20, 16, 20, 16. Ajumlishe: 20 + 16 + 20 + 16 = 72. Ajue mwenyewe kwamba zile hatua nne ni kamba ileile iliyokatwa vipande vinne. Mimi humwambia akunje kamba kwenye kila kona alipoipitisha. Mikunjo ikishaonekana, pande zinajionyesha zenyewe.

Kosa linalokuja sana baada ya hapo ni 36. Mtoto amejumlisha urefu na upana akaishia hapo, kwa sababu mchoro ubaoni ulikuwa na namba mbili tu zilizoandikwa. Hapa ndipo kamba inalipa. Usimwambie "umesahau kuzidisha kwa mbili". Mwambie apime sentimita 36 za kamba, azungushe daftari. Inaishia kona ya pili, ng'ambo ya ile aliyoanzia, na pande mbili zimebaki wazi. Mwache azitazame. (Anayeleta 320 amezidisha urefu kwa upana, yaani amerudi kwenye kiganja. Kamba ya sentimita 320 ni zaidi ya mita tatu, na anaona mwenyewe kwamba ingezunguka daftari mara nne na bado ibaki.)

Wakishazoea, weka madaftari mawili ubavu kwa ubavu, yagusane kwa pande zile ndefu, uulize mzingo wa umbo hilo jipya kabla hawajapima. Karibu darasa zima litasema 144, yaani 72 mara mbili. Kamba inasema 104, kwa kuwa umbo sasa ni la 32 kwa 20. Sentimita 40 zimekwenda wapi? Wape muda, na usiwajibie. Kuna atakayeingiza kidole kati ya madaftari na kusema kamba haipiti humu: pande mbili za sentimita 20 zimejificha ndani. Yakiunganishwa kwa pande fupi mzingo ni 112, ingawa madaftari ni yaleyale.

Mwishoni leta kifuniko cha ndoo ya maji. Mtoto ataweka rula, ataizungusha, atatafuta upande wa kuandika asiuone. Kona ya kuanzia pia hana. Atie alama ya chaki popote ukingoni, aichukue tena kamba.