Ful bodi si kila kitu

Wiki haipiti kabla mgeni hajasimama mapokezi ya hoteli, bili mkononi, akisema: "Dada, mimi nililipa ful bodi. Hii soda ya nini tena?" Wanaomhudumia hawajamwibia. Aliyemwambia kwamba ful bodi ni kila kitu ndiye aliyempotosha.

Ful bodi ni kitanda na milo mitatu, basi. Kwenye vocha, yaani hati ya nafasi uliyoandikiwa, huandikwa FB. Hafu bodi, HB, ni kitanda, chamshakinywa na mlo mmoja mkubwa, kwa kawaida wa jioni. BB ni kitanda na chamshakinywa tu. Kinachokaribia "kila kitu" ni AI, yaani ol inklusivu, na hata hicho kina mipaka yake: mara nyingi vinywaji ni vya hapa nchini, baa ina saa yake ya kufunga hesabu, na vilivyomo kwenye friji ya chumbani vinaweza kuwa nje. Chai na kahawa ya asubuhi imo ndani ya chamshakinywa. Chai ileile ukiiagiza baada ya chakula cha usiku ni ya kulipia, na mara nyingi hata chupa ya maji mezani. Kabla mhudumu hajaifungua, muulize: "Maji haya yamo kwenye bodi yangu, au nasaini?" Ukisaini karatasi, umekubali iingie kwenye bili ya chumba.

Lakini soda si tatizo kubwa. Linalozua ugomvi hasa ni hesabu ya milo, na chanzo chake ni neno "siku". Mgeni akipiga simu husema, "Nataka siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili." Hoteli haiuzi siku, inauza kulala. Ijumaa mpaka Jumapili ni kulala mara mbili, na ful bodi ya kulala mara mbili ni milo sita, si tisa.

Tuihesabu. Mgeni anafika hoteli ya Nyali, Mombasa, Ijumaa alasiri, kwa kuwa vyumba vingi hutolewa kuanzia saa nane mchana. Mlo wa kwanza ni chakula cha usiku. Jumamosi anakula mara tatu, hiyo ni minne. Jumapili chamshakinywa, wa tano, na chakula cha mchana, wa sita. Sasa, tuseme amefika Ijumaa saa sita na akala mchana huohuo huku akingoja chumba. Mlo huo umeshahesabiwa, kwa hiyo bodi yake inaishia kwa chamshakinywa cha Jumapili. Akirudi mezani mchana, ule ni mlo wa saba, na atalipia. Mtu hukumbuka alichokula Jumapili, ila cha Ijumaa amekisahau, ndiyo maana huona amedhulumiwa.

Tena kuna pengo la saa za mwisho. Kwa kawaida chumba hurudishwa saa nne asubuhi, chakula cha mchana huanza kama saa sita unusu. Katikati hapo mizigo huachwa mapokezi na mgeni hana bafu. Anayetaka chumba mpaka alasiri aombe usiku uliotangulia: "Naomba kuchelewa kutoka kesho, na je, kuna malipo?" Akiomba asubuhi yenyewe, huenda chumba kimeshapangiwa mgeni mwingine.

Je, mwenye hafu bodi anaweza kula mchana badala ya usiku? Hapa hata sisi wa kazi hii hatukubaliani. Kuna hoteli zinazobadilisha bila neno, kuna zinazotaka taarifa mapema kwa ajili ya jikoni, na kuna zinazokataa kabisa. Muulize anayekuandikia nafasi, na jibu liandikwe kwenye vocha.

Ukienda loji ndani ya Tsavo Mashariki, ful bodi ina maana zaidi kuliko pwani, kwa sababu ukitoka getini mwa loji hakuna kibanda cha mahamri na mbaazi. Pwani kama Bamburi hafu bodi yatosha, mchana waweza kula nje. Ila bodi ya loji haibebi kiingilio cha mbuga. Hicho ni cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Wala haibebi gari la kutazama wanyama, isipokuwa vocha iseme hivyo waziwazi. Na ukitaka kutoka alfajiri ukazunguke mpaka adhuhuri, agiza chakula cha kufungashiwa jioni ya kuamkia siku hiyo. Hicho huchukua nafasi ya mlo wako wa mezani, hakiongezi mwingine.

Unapobuku, basi, sema hivi: "Nalala mara mbili, watu wawili, ful bodi, tunaanza na chakula cha usiku Ijumaa, tunamaliza na cha mchana Jumapili. Bei hii ina kodi ndani?" Kisha subiri vocha na usome herufi zile mbili kabla ya kutuma pesa.