Jukwaa la Mhasibu Silo la Mbunifu: Dhana Potofu na Ukweli

Tuseme watu watatu wamekodi chumba kimoja cha ofisi karibu na Barabara ya Digo, Mombasa: mhasibu, mbunifu wa nembo na vifungashio, na mshauri wa kilimo. Wote watatu wameambiwa kwamba wateja siku hizi wako mtandaoni, na wote wamefungua akaunti mahali pamoja.

Dhana: LinkedIn inamfaa kila mtaalamu kwa kiwango kimoja.

Ukweli: LinkedIn, iliyozinduliwa mwaka 2003, imejengwa juu ya wasifu wa mtu, yaani alikosomea, alikofanya kazi na wanaomfahamu. Mpangilio huo unamfaa sana mhasibu, kwa sababu kazi yake haiwezi kuanikwa: vitabu vya mteja ni siri, na mhasibu anayebandika hesabu za kampuni ya watu ili aonekane hodari amejiharibia mwenyewe. Kwa kuwa kazi haionekani, mteja humpima mtu.

Hata hivyo, wasifu ni madai tu mpaka uthibitishwe. Mwenye kampuni ya uwakala wa forodha kule Kilindini akitaka mkaguzi wa hesabu, jambo la kwanza la busara ni kutafuta jina lake katika orodha ya wanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu nchini Kenya. Kufaulu mitihani ya CPA ya KASNEB peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwanachama, wala uanachama peke yake haumruhusu kukagua hesabu za watu. Kwa ukaguzi anahitaji cheti cha kuendesha kazi hiyo. Kwa hiyo mhasibu wetu huanza kwa kuhakikisha kwamba jina lililo kwenye wasifu wake ni lile lile lililo kwenye orodha hiyo, kisha mstari wa juu wa wasifu, ambao una nafasi ya herufi 220, anaujaza kwa maneno ambayo mteja angeyaandika akitafuta: VAT, iTax, Mombasa. Maneno kama «mchapakazi mwenye ari» hayatafutwi na mtu yeyote.

Dhana: Mbunifu mwenye sifa nyingi Behance ana wateja wengi.

Ukweli: Behance, ambayo imekuwa mali ya Adobe tangu mwaka 2012, ni mahali pazuri pa kuonyesha kazi, lakini wengi wanaobonyeza alama ya kusifu ni wabunifu wenzake. Wanasifu rangi, hawanunui. Mwenye kiwanda kidogo cha korosho hatafuti sifa hizo, bali anataka kuona kama nembo itasomeka kwenye mfuko wa gramu 50. Mradi unaomshawishi huonyesha tatizo lilivyokuwa, michoro miwili mitatu iliyokataliwa na sababu zake, kisha mfuko wenyewe umepigwa picha dukani. Miradi minne ya namna hiyo inatosha, na kiungo chake hutumwa kwa mteja moja kwa moja badala ya kungoja aje.

Dhana: Kwenye Upwork, soko la kazi za mtandaoni, hulipi kitu mpaka upate kazi.

Ukweli: Kufungua akaunti ni bure, ila maombi ya kazi hulipiwa kwa Connects, yaani tokeni za jukwaa hilo, na kila moja huuzwa dola 0.15. Tuchukue mfano wa mbunifu wetu aliyeomba kazi 15, kila ombi likigharimu Connects 12 alizozinunua: ametoa dola 27 kabla hajachora mstari. Akipata moja ya dola 200, na kamisheni ikiwa asilimia 10, hukatwa dola 20, na ukiondoa zile 27 za maombi hubakiwa na dola 153, bado gharama ya kuzitoa pesa hizo. Si hasara, lakini asiyepiga hesabu hii huweka bei ya chini mno, na hugundua baadaye kwamba maombi yaliyopotea ndiyo yaliyomla.

Dhana: Mshauri wa kilimo hahitaji jukwaa lolote.

Ukweli: Anahitaji mawili, kwa kuwa ana wateja wa aina mbili wasiokutana. Mashirika yanayoajiri washauri kwa miradi husoma wasifu, hivyo LinkedIn inafaa. Mkulima wa minazi wa Kwale hatamtafuta huko. Yeye yuko kwenye kundi la WhatsApp la wakulima wenzake, ambamo hutuma picha ya kuti lililokatwa kwa umbo la V na kuuliza limepatwa na nini. Mshauri anayemjibu kwamba hiyo ni dalili ya chonga, akamwuliza kama kuna magogo ya mnazi yaliyooza au lundo la samadi jirani, ambamo mdudu huyo huzaliana, ameonyesha ujuzi mbele ya kundi zima. Ada ya kutembelea shamba huzungumzwa baadaye, faraghani, kwa simu.