Bodaboda ya mkopo au ya kibubu: dhana tatu zinazowaponza vijana

Kijana mmoja wa kijiweni kwetu, Morogoro, anaendesha pikipiki ya bosi. Siku ya kawaida anaingiza shilingi 25,000. Mafuta yanakula 7,000, hesabu ya bosi 7,000, chakula cha mchana 3,000, nyumbani anaacha 5,000. Zinabaki 3,000, anazitumbukiza kwenye kikoba ambacho mimi ndiye mweka hazina wake. Kwa siku 26 za kazi ni 78,000 kwa mwezi. Pikipiki anayoitaka, pamoja na usajili na bima, tuseme ni 2,800,000. Alinijia na daftari lake akauliza: kaka, nikope au nivumilie?

Dhana: ukijiwekea polepole hupotezi kitu, riba ndiyo hasara.

Kwa 78,000 kwa mwezi atafikisha 2,800,000 baada ya miezi 36. Ila katika miezi hiyo yote bado anapeleka hesabu, na 7,000 mara siku 26 ni 182,000 kila mwezi. Ukijumlisha miaka mitatu inafika 6,552,000, yaani bei ya pikipiki mbili na chenji inabaki. Hiyo ndiyo gharama ya kuvumilia, na haiandikwi popote kwa sababu inatoka kidogokidogo kila jioni. Anayelipa hesabu anapaswa kuilinganisha riba na hesabu hiyo. Ambaye hajaingia kazini kabisa mambo yake ni mengine: yeye kusubiri hakumgharimu hivyo.

Dhana: asilimia 3 kwa mwezi ni kidogo.

Hapa muulize mkopeshaji swali moja tu: riba inapigwa kwenye deni lililobaki, au kwenye deni lote la mwanzo mpaka mwisho? Chukua mkopo wa 2,000,000 wa miezi 12. Ikipigwa kwenye deni la mwanzo, kila mwezi unatozwa riba ya 60,000 hata ukiwa umebakiza rejesho moja. Riba yote inakuwa 720,000 na rejesho ni kama 227,000 kwa mwezi. Ikipigwa kwenye deni linalobaki, rejesho linashuka hadi kama 201,000 na riba yote haizidi 412,000. Asilimia ni ileile, tofauti inapita laki tatu. Usikubali kutajiwa asilimia tu. Omba jedwali la marejesho, ujumlishe mwenyewe, kisha uongeze ada ya fomu na makato mengine wanayokata kabla hujashika hela.

Dhana: mradi rejesho halizidi ninachobakiza, nitaliweza.

Hii ndiyo iliyoniponza mimi mwenyewe. Akiwa na pikipiki yake, kijana wetu hapeleki tena 7,000, kwa hiyo anabaki na 10,000 kwa siku, 260,000 kwa mwezi. Rejesho la 227,000 linaonekana linatosha. Lakini oili, matairi, cheni na sproketi zake, pleti za klachi, vyote alivyokuwa akimwachia bosi sasa ni vyake, na 33,000 haifui dafu. Halafu inaingia Masika. Anafanya kazi siku 20 tu, anapata 200,000, na rejesho halijui mvua. Mwaka wangu niliokopa nilisogeza kumwaga oili ili rejesho litimie. Injini ilianza kutoa moshi wa bluu mwezi wa saba, na siku tatu za gereji zilinirudisha nyuma marejesho mawili.

Nilichomshauri ni kukaa katikati: ajiwekee hadi 1,400,000, ambayo ni kama miezi 18, kisha akope nusu iliyobaki. Hata kwa riba ile mbaya ya deni la mwanzo, rejesho linakuwa kama 159,000. Mwezi mzuri anabakiwa na laki moja ya matengenezo, na mwezi wa mvua bado ana kama 41,000. Riba yote ni 504,000, wakati miezi 18 mingine ya kusubiri ingemtoa 3,276,000 za hesabu. Nilimwambia pia aulize halmashauri kuhusu mkopo wa vikundi vya vijana, ambao hauna riba, ingawa huo unataka kikundi kilichosajiliwa na subira.

Akasema rafiki yake anataka kukopa kisha ampe mtu mwingine aendeshe. Huyo apige hesabu upya: dereva atamletea 7,000 kwa siku, sawa na 182,000 kwa mwezi, na rejesho la mkopo wa milioni mbili ni 227,000. Atalijazia pengo kutoka mfukoni kuanzia mwezi wa kwanza.

Jambo la mwisho tulilolizungumza ni bima. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, haikulipi wewe pikipiki ikiibiwa. Pikipiki ya kibubu ikiibiwa umepoteza pikipiki. Ya mkopo ikiibiwa, tarehe ya rejesho inafika vilevile.