Ukungu wa Ng'onda na Dagaa Hauondoki kwa Jua: Dhana Potofu za Masika

Masika inapoingia Tanga, kuna maneno ambayo huyasikia kwa wachuuzi wa Ngamiani, kwa wakaushaji wa Kigombe na Tongoni, na hata kwa wateja waliosoma vizuri: "Bwana Samaki, hiyo ni koga tu. Nitaipangusa, nitamwanika jua moja, na samaki atarudi kuwa mzima." Mengine hupewa majibu mafupi nami nikaendelea na shughuli zangu, lakini hili nimelijibu mara nyingi mno hata subira imenipungua, kwa sababu anayelisema kwa kawaida ameshika kitambaa chenye mafuta ya kula mkononi, tayari kumng'arisha samaki kabla mnunuzi hajafika.

Ukweli ni kwamba ule unga mweupe au wa kijani tunaouona juu ya ng'onda ni sehemu ndogo tu ya ukungu, nayo ni sehemu inayozaa mbegu. Kabla mbegu hizo hazijaonekana kwa macho, nyuzi zake nyembamba zimekwisha kupenya katika nyama, hasa penye mpasuko, kando ya mfupa na chini ya ngozi iliyoachana na mnofu. Kitambaa huondoa kinachoonekana na kuziacha nyuzi, kisha hubeba mbegu kutoka kwa samaki mmoja aliyeharibika hadi kwa wengine ishirini waliokuwa salama. Mafuta yanayopakwa humng'arisha samaki, na zaidi ya hapo huchacha na kuongeza harufu mbaya baada ya siku chache.

Jua nalo lina kazi yake, ila si hiyo linayosingiziwa. Jua kali humwondolea samaki maji, na ukungu usiopata maji huacha kukua. Lakini kuacha kukua si kufa, na mbegu zilizokauka husubiri usiku wa kwanza wenye unyevu zianze upya. Lililo zito zaidi ni kwamba baadhi ya ukungu, hasa ule wa jamii ya Aspajilasi, huweza kutengeneza sumukuvu, na sumu hiyo ikishaingia ndani ya chakula haitoki kwa kuanikwa, kuoshwa, wala kuchemshwa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na mahindi yale hayakuliwa mabichi: yalisagwa, yakasongwa ugali, yakaiva. Moto wa jikoni haukuyasafisha.

Sisemi kwamba kila ukungu una sumu, wala kwamba samaki mkavu ana hatari sawa na mahindi au karanga, kwa sababu ukungu unaotoa sumu hiyo huhitaji unyevu mwingi zaidi kuliko ule unaohitajiwa na ukungu wa kawaida wa samaki. Nasema kwamba macho hayawezi kuutofautisha huu na ule, na kwamba samaki ni mwembamba na ana nyuzi nyuzi kiasi kwamba kukata sehemu iliyoota na kula iliyobaki hakumsaidii mtu. Samaki aliyeota ukungu hutupwa. Waliokuwa karibu naye hukaguliwa mmoja mmoja, na wale wasio na doa wala harufu ya uvundo hukaushwa upya na kuliwa mapema. Na tafadhali asipewe kuku kwa hoja kwamba kuku hawadhuriki, maana sumukuvu yenyewe ilianza kujulikana mwaka 1960 huko Uingereza, baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu.

Chanzo cha dhana hii yote, kwa maoni yangu, ni imani kwamba samaki akishakauka amekauka moja kwa moja. Samaki mkavu hunyonya unyevu kutoka hewani na kuurudisha hewani, mpaka yeye na hewa inayomzunguka walingane. Akikaa muda wa kutosha katika hewa yenye unyevu wa chini ya asilimia 65 hivi, ukungu hupata shida kubwa kuota juu yake. Akikaa katika hewa inayopita asilimia 75, kuota kwake ni suala la siku tu. Mwambao wa Tanga wakati wa masika huwa juu ya kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya saa 24, na usiku hewa hukaribia kushiba maji kabisa. Kwa hiyo gunia la katani lililofunguliwa usiku mmoja wa mwezi wa Mei linaweza kuupoteza ukavu uliopatikana kwa mchana mzima wa kaskazi.

Kwa samaki asiyetiwa chumvi, kama dagaa, kiwango cha kukumbuka ni kwamba maji ndani yake yasizidi asilimia 15 ya uzito wake. Kiwango hicho hakionekani kwa jicho, lakini hupimwa kwa mizani ya dukani, na hapa ndipo ninaposhikilia ushauri wangu hata watu wakichoka kuusikia. Tuseme mchuuzi ameweka ghalani kiroba cha kilo 10 za dagaa waliokauka vizuri kabisa, wenye maji asilimia 12. Maana yake ndani ya kiroba kuna kilo 1.2 za maji na kilo 8.8 za dagaa wenyewe, na hizo kilo 8.8 hazitabadilika iwapo panya na wadudu hawajaingia. Kiroba kikipimwa tena na kukutwa na kilo 10.35, maji yamefika asilimia 15. Kwa maneno mengine, ongezeko la gramu 350 tu ndilo linalomtenga dagaa salama na dagaa anayesubiri kuota. Kikifika kilo 10.8, maji ni kilo 2 kamili, yaani karibu asilimia 19, na anayesubiri kuona ukungu kabla ya kuchukua hatua amekwisha kuchelewa.

Chagua kiroba kimoja cha kilo 10 katika shehena, kiandike uzito wake na tarehe kwa kalamu ya wino mzito, kisha kipime kila wiki wakati wa kiangazi na kila baada ya siku tatu wakati wa masika. Kikiongezeka gramu 200, wakati huo ndio wa kuwatoa wote na kuwaanika juu ya vichanja, kuanzia umande unapokauka hadi alasiri, na kuwaingiza ndani kabla jua halijapoa. Kazi ambayo watu huipa jua baada ya ukungu kuota, jua huiweza vizuri kabla haujaota.

Dhana ya pili, "chumvi nyingi humlinda," ni kweli kwa nusu. Ng'onda na papa waliokolezwa chumvi vizuri huvumilia maji mengi zaidi kuliko dagaa, hata kufikia asilimia 35, kwa sababu maji hayo yamefungwa na chumvi na ukungu wa kawaida hauwezi kuyatumia. Lakini chumvi yenyewe huanza kuvuta maji hewani unyevu unapopita asilimia 75, na ndiyo sababu papa wa masika hulowa na kudondosha maji hata akiwa ametundikwa chini ya paa zima. Chumvi ya mashamba yetu ya pwani ambayo haikuachwa ichuje maji yake machungu huvuta unyevu hata mapema zaidi. Zaidi ya hayo, kuna ukungu wa kahawia, wenye vidoa vidogo kama ugoro ulionyunyizwa, ambao hustahimili chumvi na huota juu ya ng'onda bila shida.

Hapa wengi hukosea kwa upande wa pili na kutupa samaki mzima kwa sababu ana weupe. Weupe wa chumvi hukwaruza kidoleni na huyeyuka ukidondoshewa tone la maji. Weupe wa ukungu una manyoya ukiutazama kwa mwanga wa pembeni, hauyeyuki, na huacha harufu ya nguo iliyolazwa mbichi. Wekundu wa waridi unaoteleza ni jambo jingine: si ukungu bali ni vijidudu vinavyoishi katika chumvi ya jua, na ni dalili kwamba samaki amelowa na ameanza kuharibika.

Dhana ya tatu ni kwamba "mfuko wa plastiki huozesha." Mfuko hauozeshi, kinachoozesha ni kumfungia samaki ndani yake angali na joto la jua, ili usiku joto likishuka jasho lijikusanye ndani. Samaki aliyekauka kweli, akaachwa apoe kivulini, kisha akafungwa alasiri kavu katika mifuko minene ya kilo moja moja, hudumu kuliko aliye katika gunia, kwa sababu kila mfuko hufunguliwa mara moja tu na mingine haiguswi na hewa ya masika.

Iliyobaki ni ya nyama ya moshi, inayoletwa kutoka Handeni na Kilindi na kusifiwa kwamba hukaa mwaka. Hukaa, ndiyo, ikiwa bado iko juu ya uchaga wa jikoni ambako moto huwashwa kila siku. Moshi huweka ulinzi mwembamba juu ya nyama, lakini kinachoitunza kwa miezi ni joto la meko linaloikausha upya kila jioni. Ikishushwa na kuwekwa kabatini Tanga mjini, hurudi kuwa kitu kinachonyonya unyevu kama dagaa. Vipande vinene vina kasoro ya ziada: nje hukauka na kuwa kigumu, ndani hubaki na maji, na maji hayo huja juu polepole baada ya siku mbili tatu na kuulisha ukungu. Kata vipande visivyozidi unene wa sentimita moja, kausha, virundike na kuvifunika usiku mmoja ili maji ya ndani yatoke nje, kisha kausha tena mpaka kipande kivunjike badala ya kupinda.

Nikiulizwa muda halisi kwa nyumba ya kawaida ya mwambao isiyo na friji, huwa natoa makadirio haya. Dagaa wakavu wasio na chumvi katika gunia ni miezi miwili hadi mitatu wakati wa kaskazi, na wiki mbili au tatu wakati wa masika wasipoanikwa tena. Ng'onda wa chumvi katika mfuko mzuri ni miezi mitatu hadi sita, ingawa wenye mafuta mengi huchacha kabla ya hapo. Samaki wa kubanika aliye laini bado ni siku mbili au tatu. Nyama ya moshi iliyokauka hadi kuvunjika, ikiwa katika chombo kinachofungwa vizuri, ni mwezi mmoja hadi miwili, na chombo kikifunguliwa katikati ya mvua, hesabu wiki moja kuanzia siku hiyo.